Njia zimebana, au mapafu hayajai? Kusoma karatasi ya spirometri kwa mifano minne

Mashine ya spirometri hupima hewa inayotoka mdomoni: kiasi chake na kasi yake, basi. Hewa inayobaki kifuani baada ya mtu kupuliza hadi mwisho wake haionekani kabisa kwenye mashine hiyo, nayo ipo kwa kila mtu, mzima na mgonjwa. Kwa mtu mzima wa kawaida ni lita 1 hadi 2 hivi. Ukilishika hilo tangu mwanzo, utaelewa kwa nini kubana kwa njia za hewa hujionyesha waziwazi kwenye karatasi ya majibu, ilhali mapafu yasiyotanuka unaweza kuyashuku tu, usiweze kuyathibitisha kwa karatasi hiyo peke yake.

Namba tatu zinatosha kuanzia. FVC ni hewa yote aliyoitoa mtu kwa nguvu, baada ya kuvuta pumzi mpaka kifua kisipokee tena. FEV1 ni sehemu ya hewa hiyo iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Namba ya tatu mashine haiipimi bali inaikokotoa: FEV1 gawanya kwa FVC. Inakuambia kwamba katika hewa yote iliyotoka, ni fungu gani lililowahi kutoka katika sekunde moja. Tutaiita uwiano.

Daktari John Hutchinson alipotangaza spirometa yake huko London mwaka 1846, alipima ukubwa wa pumzi bila kuhesabu muda. Ilichukua takribani miaka mia moja kabla Wafaransa Tiffeneau na Pinelli, mwaka 1947, hawajaitia sekunde ya kwanza katika hesabu. Kabla ya hapo mtu mwenye njia zilizobana na mtu mwenye mapafu yasiyojaa wangeweza kuonekana sawa, maana wote wawili hutoa hewa pungufu. Sekunde ile ndiyo iliyowatenganisha, na ndiyo sababu uwiano husomwa kwanza, kabla ya namba nyingine yoyote.

Mtu wetu na viwango vyake

Mifano yote hapa chini itatumia mwili mmoja: mwanamume wa miaka 52, urefu wa sentimita 168. Kwa mtu kama huyo tuseme mashine inatarajia hivi (tumezikata namba kidogo ili hesabu ifanyike hata kwa kichwa):

```
            Tarajio    Kikomo cha chini
FVC         4.00 L     3.10 L
FEV1        3.20 L     2.45 L
FEV1/FVC    0.80       0.69
```

Kikomo cha chini, ambacho kwenye skrini huandikwa LLN, ni kiwango ambacho kati ya watu 100 wenye afya njema, wa jinsia, umri na urefu huo, ni 5 tu wanaokuwa chini yake. Mashine nyingine huonyesha jambo lilelile kwa alama iitwayo z-score, ambapo kikomo ni −1.64.

Kuna mtego mmoja wa karatasi yenyewe, nao huwanasa wengi. Kando ya kila namba kuna safu ya asilimia ya tarajio, na uwiano nao hupewa asilimia yake. Tuseme mtu ana uwiano wa 0.58. Ukiugawa kwa tarajio la 0.80 unapata takribani asilimia 73. Msomaji mwenye haraka anaiona 73, anakumbuka kwamba mpaka wa uwiano unaotumiwa na wengi ni 0.70, yaani asilimia 70, anaandika "hakuna tatizo". Kumbe uwiano ni asilimia 58, na njia za hewa zimebana kweli. Uwiano usomwe kama ulivyo, kwenye safu ya kipimo chenyewe. Safu ya asilimia ya tarajio ni ya FVC na FEV1.

Mfano wa kwanza: njia zilizobana

```
FVC         3.40 L     85%
FEV1        1.60 L     50%
FEV1/FVC    0.47
```

Uwiano kwanza: 1.60 gawanya kwa 3.40 ni 0.47. Kikomo ni 0.69. Uko chini mno, kwa hiyo njia za hewa zimebana, na jibu hilo halihitaji namba nyingine kulithibitisha. Kisha tunaitazama FVC: lita 3.40 iko juu ya kikomo cha 3.10. Bwana huyu ana hewa ya kutosha kifuani na anaweza kuitoa karibu yote. Shida yake ni muda. Mtu mzima mwenye afya hutoa sehemu kubwa ya pumzi yake katika sekunde ya kwanza, huyu ametoa chini ya nusu, na nusu iliyobaki imemchukua sekunde 13 zaidi. Fikiria kibuyu kikubwa chenye shingo nyembamba: maji yamo, ila yanatoka kwa kudondoka.

Kwenye mchoro wa kasi na ujazo, mstari hupanda hadi kilele kisha badala ya kushuka kwa unyoofu, hubonyea kuelekea ndani. Bonyeo hilo huonekana hata kabla hujasoma namba. Sababu za kawaida ni pumu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaoletwa na sigara na, kwa akina mama wengi waliopika miaka mingi ndani ya jiko lisilo na bomba la moshi, moshi wa kuni na mkaa.

Ukubwa wa tatizo hausomwi kwenye uwiano. Ni kosa linalorudiwa mno: mtu anasema 0.47 ni mbaya kuliko 0.55. Ugonjwa ukizidi, hewa hufungiwa ndani, FVC nayo inashuka, na uwiano unaweza kusimama palepale huku mgonjwa akizidi kuhema. Ukubwa husomwa kwenye FEV1 ikilinganishwa na tarajio. Hapa ni 1.60 kwa 3.20, yaani asilimia 50. Kwa mgawanyo unaotumika kwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, 80 na zaidi ni hafifu, 50 hadi 79 ni wa wastani, 30 hadi 49 ni mkali, chini ya 30 ni mkali sana. Bwana huyu yuko ukingoni kabisa mwa wastani. Mgawanyo huo hutumia kipimo kilichofanywa baada ya dawa ya kufungua njia, si kabla yake.

Dawa hiyo kwa kawaida ni salbutamol ya kuvuta, mikrogramu 400. Pampu nyingi hutoa mikrogramu 100 kwa mbonyezo, kwa hiyo ni mibonyezo minne kupitia spesa, yaani kichupa kinachounganisha pampu na mdomo, mmoja mmoja, kila mmoja na pumzi yake. Mibonyezo minne ya mfululizo ndani ya pumzi moja si kipimo hicho. Kisha subiri dakika 15 na upime upya. Bwana wetu akapata FEV1 ya 1.74. Nyongeza ni lita 0.14. Miongozo ya mwaka 2021 ya jumuiya za madaktari wa mapafu za Ulaya na Marekani inaipima nyongeza hiyo kwa tarajio: 0.14 gawanya kwa 3.20 ni asilimia 4 hivi, na inayohesabika ni ile inayozidi 10. Kwa kanuni ya zamani, iliyotaka angalau asilimia 12 ya kipimo cha mwanzo pamoja na mililita 200, pia hajafika. Lau angepanda kutoka 2.10 hadi 2.60, nyongeza ya nusu lita ingekuwa asilimia 16 hivi ya tarajio, na pumu ingesogea mbele kwenye orodha. Kutopanda siku ya kipimo hakumaanishi kwamba dawa haimsaidii mgonjwa. Wapo wanaopata nafuu kubwa ya pumzi huku FEV1 ikisogea kidogo tu.

Mfano wa pili: mapafu yasiyojaa

```
FVC         2.20 L     55%
FEV1        1.90 L     59%
FEV1/FVC    0.86
```

Anayetazama FEV1 kwanza anashtuka: asilimia 59, karibu sawa na yule wa mfano wa kwanza. Lakini 1.90 gawanya kwa 2.20 ni 0.86. Hewa ndogo aliyo nayo imetoka karibu yote kwa sekunde moja. Njia ziko wazi. FEV1 imeshuka kwa sababu rahisi: huwezi kutoa kwa sekunde moja hewa usiyokuwa nayo.

Uwiano hapa uko juu hata kuliko tarajio, na hilo lina sababu yake. Mapafu yenye makovu yamekakamaa. Yakivutwa hurudi kwa nguvu, na nyuzi zake ngumu huzivuta kuta za njia za hewa na kuziacha zikiwa wazi zaidi. Kwa hiyo mchoro wake ni mwembamba, mrefu, unaoshuka kwa unyoofu, kama mchoro wa mtu mzima uliobanwa ubavuni. Si makovu peke yake yanayoleta hali hii. Vumbi la mawe lililokaa mapafuni mwa mchimbaji, maji yaliyojaa pembeni mwa pafu, uti wa mgongo uliopinda, misuli ya kupumua iliyodhoofika, unene mkubwa wa tumbo na kifua: zote huzuia mapafu kujaa, na spirometri haitakuambia ni ipi.

Tena haikuambii hata kama kweli mapafu ni madogo. Tumeona FVC imeshuka. Tumeona njia hazijabana. Mapafu madogo ni dhana inayofuata, na inabidi ithibitishwe kwa kupima hewa yote ya kifua, ile inayoandikwa TLC, pamoja na ile isiyotoka. Hilo hufanywa ndani ya kichumba cha kioo kilichofungwa, au kwa kuvuta gesi ya heliamu na kuona imechanganyika na hewa kiasi gani. Tuseme tarajio la bwana huyu ni lita 6.00 na kikomo ni 4.80. Amepimwa akapata 3.60. Sasa tunaweza kuandika bila kusita kwamba mapafu hayatanuki: ana lita 2.20 anazoweza kutoa na 1.40 zinazobaki, na zote mbili zimepungua kwa pamoja.

Bila kipimo hicho, FVC iliyoshuka na uwiano mzuri huwa kweli ni mapafu madogo kwa takribani nusu tu ya watu. Kwa hiyo neno la kuandika kwenye majibu ni "inashukiwa". Upande wa pili wa shilingi ni wa uhakika zaidi: FVC ikiwa ya kawaida, kwa kipimo kilichofanywa vizuri, mapafu yasiyotanuka karibu yanaweza kufutwa kwenye mawazo. Spirometri ni hodari wa kuikana hali hii kuliko kuithibitisha.

Mfano wa tatu: aliyeacha kupuliza mapema

```
FVC         2.25 L     56%
FEV1        1.60 L     50%
FEV1/FVC    0.71
```

Tuusome kwa utaratibu uleule. Uwiano ni 0.71, juu ya kikomo cha 0.69. FVC ni asilimia 56, chini ya kikomo. Kwa karatasi hii mashine itachapa kwa ujasiri kabisa kwamba inashuku mapafu yasiyotanuka.

Sasa linganisha FEV1 na ile ya mfano wa kwanza. Ni 1.60, ileile. Kwa sababu ni mtu yuleyule, kifua kilekile. Tofauti ni kwamba safari hii aliacha kupuliza kwenye sekunde ya 3. Hewa yake inatoka polepole, kwa hiyo baada ya sekunde 3 alikuwa ametoa lita 2.25 tu, lita 1.15 zilizokuwa zije baadaye hazikupimwa. FEV1 haikuguswa, maana sekunde ya kwanza ilikwisha zamani. Kilichopungua ni FVC, nayo ndiyo iliyo chini ya mstari katika hesabu ya uwiano. Ikipungua, uwiano unapanda. Kosa moja la mpulizaji limefanya mambo mawili kwa mkupuo: limeficha kubana kulikopo, na limebuni udogo wa mapafu usiokuwepo. Mgonjwa anayehitaji pampu anapelekwa kutafutiwa makovu.

Namba peke yake hazikuonyeshi kosa hili. Mchoro wa ujazo na muda ndio unaokuonyesha. Mstari unapaswa kupanda, kisha kulala: katika sekunde ya mwisho usiongezeke hata mililita 25. Wa bwana huyu ulikatika ukiwa bado unapanda. Kanuni ya mwaka 2019 ya jumuiya zilezile za Ulaya na Marekani inaukubali mwisho wa kupuliza kama mstari umelala hivyo, au kama mtu amepuliza kwa sekunde 15. Ile kanuni ya zamani ya sekunde 6, ambayo bado imeandikwa kwenye kuta za vyumba vingi, haitoshi kwa mtu mwenye njia zilizobana; kwake sekunde 6 ni katikati ya safari. Kwa kijana mwenye mapafu mazuri, mstari unaweza kulala kabla ya sekunde hizo, na huyo hana sababu ya kusumbuliwa.

Kuna kosa la pili linalofanana nalo, nalo ni la mwanzo, si la mwisho. Mtu hakuvuta pumzi mpaka kifua kijae. Hapo FVC na FEV1 hushuka zote pamoja, uwiano unabaki mzuri, mstari unalala vizuri, na karatasi inaonekana safi kabisa huku ikidanganya. Dawa yake ni kurudia. Unahitaji mipulizo mitatu inayokubalika, na zile FVC mbili kubwa zisitofautiane kwa zaidi ya mililita 150; FEV1 vilevile. Mtu ambaye mapafu yake hayatanuki kweli atakupa 2.20, 2.15, 2.20. Asiyevuta vizuri atakupa 2.20, 2.90, 2.50, kwa sababu kila mara ameanzia mahali tofauti. Kwa watu wazima jaribu hadi mara 8, ukiona bado zinacheza, simamisha, andika kwamba hazikutulia, na mpangie siku nyingine.

Kinachosaidia zaidi ni sauti ya mpimaji. Akae wima, miguu chini, kibano puani, midomo iumeze mrija bila kuuziba kwa ulimi. Meno ya bandia yaliyokaza yabaki mdomoni, maana yakitolewa midomo hulegea na hewa huvuja. Maneno yawe mafupi: "Vuta, vuta, jaza, jaza... puliza! Endelea, endelea, bado ipo, bado ipo." Neno "vizuri" likitamkwa mapema, mgonjwa huacha palepale.

Tarajio nalo hukosea

Mpaka hapa tumeichukua safu ya tarajio kama iliyoandikwa kwenye jiwe. Lakini mashine huikokotoa kutokana na yale uliyoiandikia, na urefu ndio unaoitikisa zaidi. Mpimaji akiandika 178 badala ya 168, tarajio la FVC la bwana wetu linapanda kutoka lita 4.00 hadi 4.60 hivi. Pumzi yake ya 3.40, iliyokuwa asilimia 85, inageuka kuwa 74, na mtu amepewa ugonjwa kwa kidole kimoja cha kibodi. Mpime mwenyewe, bila viatu, visigino ukutani. Usichukue urefu wa kitambulisho. Kwa mwenye mgongo uliopinda, tumia upana wa mikono iliyonyooshwa pembeni, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole.

Jambo la pili linagusa Afrika moja kwa moja. Mashine nyingi bado huuliza asili ya mtu kabla ya kuanza. Milinganyo ya mwaka 2012 ya GLI, mpango wa kimataifa unaoweka viwango vya tarajio la mapafu, ilikuwa na kundi la watu weusi lililojengwa kwa vipimo vya Wamarekani Weusi, na tarajio lake la ujazo lilikuwa chini kwa takribani asilimia 15 kuliko la wazungu. Mtu mwenye FVC ya lita 3.00 kwa tarajio la 4.00 ni asilimia 75. Tarajio likishushwa hadi 3.40, anakuwa asilimia 88 na anaambiwa yuko sawa. Mwaka 2022 ilitoka GLI Global isiyouliza asili, na mwaka 2023 jumuiya ya madaktari wa mapafu ya Marekani ikaipendekeza. Usichanganye: mgonjwa aliyepimwa mwaka jana kwa mlinganyo mmoja na mwaka huu kwa mwingine, mlinganishe kwa lita, si kwa asilimia.

Tazama kwamba makosa yote mawili, la urefu na la mlinganyo, yanaharibu FVC na FEV1 lakini uwiano hauyumbi sana, kwa sababu zinapanda na kushuka pamoja. Ndiyo maana tunaiamini hukumu ya kubana kuliko hukumu ya kutotanuka. Kinachouyumbisha uwiano ni umri. Mpaka wa 0.70 kwa watu wote ni rahisi kukumbuka, na bado unatumika kwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ila uwiano hushuka kwa kawaida mtu anavyozeeka. Kijana wa miaka 25 mwenye 0.72 anaweza kuwa chini ya kikomo chake na akarudishwa nyumbani na pumu yake, huku babu wa miaka 78 mwenye 0.67, asiye na dalili yoyote, akibandikwa ugonjwa asiokuwa nao. Mashine ikikupa LLN, itumie.

Mfano wa nne: karatasi moja, vifua viwili

```
FVC         2.40 L     60%
FEV1        1.30 L     41%
FEV1/FVC    0.54
```

Uwiano 0.54: njia zimebana, hakuna mjadala. FVC asilimia 60: nayo iko chini. Mashine nyingi hapa huchapa kwamba hali ni mchanganyiko, yaani kubana na kutotanuka kwa pamoja, na hapo ndipo tunapopendekeza kalamu iwekwe chini kwanza.

Chukua watu wawili wenye karatasi hiyo hiyo, namba kwa namba. Wa kwanza amevuta sigara miaka 30. Akapimwa hewa yote ya kifua: TLC ni lita 6.60, zaidi ya tarajio la 6.00. Toa zile 2.40 alizoweza kupuliza, zinabaki lita 4.20 kifuani ambazo haziwezi kutoka, wakati tarajio ni 2.00. Mapafu yake si madogo. Ni makubwa kupita kiasi, yamejaa hewa iliyokwama nyuma ya njia zilizojifunga anapopuliza. FVC yake imeshuka kwa sababu ya kubana kwenyewe. Ana tatizo moja, si mawili.

Wa pili alitibiwa kifua kikuu miaka kadhaa iliyopita na akapona, lakini pafu la kulia limebaki na makovu, na njia zake zimepindapinda na kupanuka hapa na kubana pale. TLC yake ni lita 4.30, chini ya kikomo cha 4.80. Toa 2.40, zinabaki 1.90. Huyu ndiye mchanganyiko wa kweli: sehemu ya pafu imekufa, na njia za sehemu iliyobaki zimebana. Hali hii si adimu Afrika Mashariki, kwa sababu kifua kikuu kinachopona mara nyingi huacha kifua kilichoharibika kwa namna zote mbili, na mtu kama huyo huambiwa ana pumu kwa miaka.

Spirometri haikuwatofautisha hata kwa mililita moja. Na hapa wengi watauliza, kwa haki kabisa, kichumba cha kioo kiko wapi katika hospitali ya wilaya. Mara nyingi hakipo. Yapo mambo matatu ya kufanya kwa vifaa vilivyopo, ingawa hakuna hata moja linalofikia TLC.

La kwanza ni kumwambia mgonjwa atoe pumzi yote taratibu, bila nguvu, kwa mashine ileile. Kupuliza kwa nguvu hufunga njia zilizolegea na kuifungia hewa nyuma yake. Akitoa polepole, hewa hupata nafasi ya kupita. Mvuta sigara wetu anaweza kupata lita 2.90 kwa njia hiyo, badala ya 2.40. Tofauti ya nusu lita inanong'ona kwamba hewa imekwama. Wa kifua kikuu ataongeza kidogo tu.

La pili ni salbutamol, lakini safari hii macho yaiangalie FVC na si FEV1 peke yake. FVC ikiruka hadi juu ya kikomo cha 3.10, hapakuwa na mapafu madogo. Hewa ilikuwa imekwama na sasa imefunguliwa. Isiporuka, swali linabaki wazi, maana zipo njia zilizobana zisizofunguka kwa dawa.

La tatu ni eksirei ya kifua, iliyopigwa mgonjwa akiwa amejaza pumzi. Kiwambo kilicholala bapa na mapafu marefu, meusi, ni dalili ya hewa iliyokwama. Pafu lililosinyaa upande mmoja, koo la hewa likiwa limevutwa kuelekea huko, makovu juu, hizo ni dalili za yule wa pili. Kwenye fomu ya majibu, kama TLC haikupimwa, sentensi ya kuandika ni hii: "Njia za hewa zimebana kwa kiwango kikali, FVC imeshuka, huenda kwa hewa iliyokwama au kwa mapafu yasiyotanuka, ilinganishwe na eksirei, na hewa yote ya kifua ipimwe ikiwezekana."